Kiasi Kimoja, Mkopeshaji Mmoja, Riba Mbili

Nilipokuwa idara ya mikopo nililisikia lalamiko hili karibu kila wiki, na mpaka leo watu wakijua nilikopitia huniletea lilelile. "Mimi na mwenzangu tunafanya kazi ofisi moja, mshahara wetu mmoja, tumeomba kiasi kilekile mahali palepale. Yeye kapewa asilimia 11, mimi 18. Hapo kuna nini?" Anayeuliza huwa tayari ana jibu moyoni: mwenzake anajuana na mtu ndani, au yeye amedharauliwa. Wakati mwingine ni kweli, na nitafika huko. Lakini mara nyingi riba zote mbili zimetoka kwenye hesabu moja fupi, isiyomjua yeyote kati yao kwa jina.

Tuifanye hiyo hesabu, maana bila hiyo mazungumzo yote ya riba hubaki manung'uniko.

Fedha anazokukopesha mkopeshaji si za bure kwake. Kazipata kwa waweka akiba anaowalipa riba, au kazikopa kwingine. Juu ya hapo kuna mishahara, pango, mitambo, na faida wanayoitazamia wenye mtaji. Tuseme vyote hivyo vinamgharimu 10 kwa kila 100 kwa mwaka. Namba hii na zinazofuata ni za mfano tu, ila mpangilio wa hesabu ndio wenyewe unaotumika. Na tuseme kila mkopaji anachukua 1,000 na kuirudisha yote kwa mkupuo mwisho wa mwaka, ili marejesho ya kila mwezi yasituchanganye.

Wewe binafsi kama utalipa au hutalipa, mkopeshaji hajui. Hata wewe hujui, ukiacha nia yako njema. Anachojua ni jinsi watu waliofanana nawe kwenye karatasi walivyolipa miaka iliyopita. Kwa hiyo anakuweka kwenye kundi la watu 100 wa aina yako, halafu anatafuta bei ya kundi zima.

Chukua kundi la kwanza, ambalo katika kila watu 100 wawili hushindwa kulipa. Mkopeshaji katoa 100,000 na mwisho wa mwaka anahitaji kuona 110,000. Kwa wale wawili waliokwama anafanikiwa kuokoa 400 kwa kila mmoja baada ya kufuatilia na kubembeleza, yaani 800. Zinabaki 109,200, na hizo zitoke kwa watu 98. Gawanya: kila mmoja arudishe 1,114 na senti kidogo. Riba ya kundi hilo ni asilimia 11.4.

Kundi la pili hukwama watu kumi. Kwao anaokoa 4,000. Zinabaki 106,000 za kulipwa na watu 90, sawa na 1,178 hivi kwa kila mmoja. Riba ni asilimia 17.8.

Sasa angalia mkopeshaji kapata nini. Kotekote kapata 110,000 zilezile. Hakuna alichoongeza mfukoni kwa kulitoza kundi la pili riba kubwa. Pengo la zaidi ya asilimia sita limekwenda kuziba shimo la wale kumi, na wanaoliziba ni wenzao 90 waliolipa bila kuchelewa hata siku moja. Kwa hiyo yule mlalamikaji akiniambia, "Lakini mimi nitalipa, najijua," huwa namwamini kabisa. Huenda ni mmoja wa wale 90. Lakini siku ya kusaini, 90 na 10 wanafanana, na riba aliyopewa ni bei ya kundi alilowekwa. Hasira yake ina haki kuliko wanavyokubali wakopeshaji wengi. Ila amekosea ya kuielekezea: swali si kwa nini wamemtoza asilimia 18, swali ni kwa nini wamemweka kwenye kundi lile.

Kazi ya kupanga makundi hufanywa na alama za mikopo. Watu huziona kama maksi za tabia, eti mwenye 700 ni mwaminifu kuliko mwenye 650. Hazipimi uaminifu. Zinapima uwiano wa wanaolipa kwa wanaokwama. Kundi letu la kwanza lina walipaji 98 kwa wakwamaji 2, yaani 49 kwa mmoja. La pili lina 90 kwa 10, yaani 9 kwa mmoja. Mifumo mingi hupangwa hivi: kila alama 20 zinazoongezeka, uwiano huo unakuwa mara mbili. Kutoka 9 kwa mmoja, alama 20 zinakufikisha 18 kwa mmoja, 20 nyingine zinakufikisha 36, na ukiongeza tisa hivi unakuta 49. Yaani makundi yetu mawili yametenganishwa na alama zisizofika 50. Watu wawili wanaweza kutofautiana kiasi hicho huku maisha yao, kwa macho ya jirani, yanafanana kabisa.

Tena alama zenyewe hukatwa kwa madaraja. Mkopeshaji hatengenezi riba kwa kila alama moja. Anasema kuanzia hapa mpaka pale riba ni hii, ukivuka ni ile. Aliyekosa alama moja kuingia daraja la juu analipa sawa na aliyekosa 19. Nimewahi kuona faili mbili za namna hiyo zikiwa juu ya meza moja, na kusema kweli hakukuwa na hoja yoyote ya kibinadamu ya kumweleza yule aliyebaki chini.

Kinachoingia kwenye alama hutofautiana kidogo kati ya nchi na nchi na mkopeshaji na mkopeshaji, lakini uti wa mgongo ni mmoja: ulilipaje madeni ya nyuma, unadaiwa kiasi gani sasa, umekuwa na rekodi kwa muda gani, na hivi karibuni umeomba mikopo mara ngapi. Kampuni ya Kimarekani ya Fair Isaac, iliyoanzishwa mwaka 1956 na ambayo alama zake ndizo zinazojulikana zaidi duniani, inaeleza wazi kuwa historia ya malipo huchukua asilimia 35 ya alama na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Mshahara haumo kabisa kwenye alama hizo. Mkopeshaji huuangalia pembeni, kujua kama rejesho la mwezi litakutosha. Kwa hiyo "mshahara wetu mmoja" ni hoja nyepesi kuliko inavyosikika.

Hapo kwenye kiasi unachodaiwa kuna jambo linalowapiga watu makini kabisa. Mtu ana kadi ya mkopo yenye kikomo cha 10,000. Kila mwezi anatumia 9,000 na kila mwezi analipa zote, halipi hata senti ya riba. Lakini taarifa hupelekwa mara moja kwa mwezi, mara nyingi siku inapotoka taarifa ya kadi, kabla hajalipa. Kwenye rekodi anaonekana ametumia asilimia 90 ya kikomo chake, kila mwezi, na mashine inamsoma kama mtu aliyefika shingoni. Mwenzake mwenye kadi kama hiyo anayelipa siku chache kabla ya taarifa kutoka anaonekana karibu hadaiwi. Matumizi ni yaleyale, malipo ni yaleyale. Tofauti ni siku ya kulipa.

Lakini aliyenifikirisha kuliko wote ni yule asiye na deni kabisa.

Alikuja kijana mmoja, kazi ya kudumu, mshahara mzuri, hajawahi kukopa popote. Riba aliyopewa ilikuwa juu kuliko ya mama mmoja wa idara yake, ambaye alikuwa na mikopo miwili inayoendelea. Akamwambia afisa mikopo, "Dada, mimi sijawahi kudaiwa na mtu yeyote. Inakuwaje mwenye madeni anapata nafuu kuliko mimi?" Dada yule akamjibu, "Ndiyo sababu yenyewe, mdogo wangu." Kijana akadhani anataniwa.

Hakuwa anataniwa, ila jibu lilikuwa fupi mno. Chukua watu 100 wasio na rekodi yoyote, na tuseme kumi kati yao watakwama. Ndani ya watu hao kuna walipaji hodari na kuna watu ambao fedha haikai mikononi, lakini kwa mkopeshaji wote ni ukurasa mweupe. Hana la kufanya isipokuwa kuwatoza wote bei ya wastani. Sasa wape mwaka mmoja au miwili ya marejesho yanayoonekana. Ukurasa unaanza kuandikika, na wale 100 wanagawanyika: labda 70 ambao ndani yao ni wawili tu watakaokwama, na 30 ambao ndani yao wako wanane. Hakuna aliyebadilika tabia. Waliokwama bado ni kumi. Kilichobadilika ni kwamba wale 70 sasa wanaweza kutofautishwa na wengine, kwa hiyo wanaacha kulipia sehemu kubwa ya mzigo usio wao.

Yule mama alikuwa ameshatofautishwa. Mikopo yake miwili, iliyolipwa kila mwezi bila kukosa, ilisema kitu ambacho usafi wa yule kijana haukuweza kusema. Kutokuwa na deni ni sifa mbele ya watu wanaokufahamu; kwenye faili ni ukimya, na ukimya unatozwa bei ya wastani wa wote walionyamaza.

Kama rekodi haipo, mkopaji ana njia nyingine mbili za kuisogeza hesabu, na zinagusa mahali tofauti. Ya kwanza ni dhamana. Rudi kwenye kundi la wakwamaji kumi, lakini sasa kila mmoja kaweka mali ambayo ikiuzwa inarudisha 800 badala ya 400. Waliokwama ni walewale kumi, ila sasa wanarudisha 8,000. Zinabaki 102,000 kwa watu 90: riba inashuka kutoka 17.8 hadi 13.3. Njia ya pili ni rejesho kukatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Hapa mali haipo, anaokoa 400 zilezile kwa anayekwama, lakini wanaokwama wanapungua, tuseme kutoka kumi hadi wanne. Hesabu inatoa asilimia 12.9. Kwa namba hizi makato ya mshahara yameishinda dhamana, japo kidogo, na hii huwashangaza watu wanaoamini kuwa hati ya mali ndiyo kila kitu. Kuuza mali ya mkopaji ni kazi ndefu, ina madalali na mahakama, na bei inayopatikana mwisho wa safari mara nyingi inasikitisha. Mkopeshaji mwenye akili hupenda zaidi mkopo usiokwama kuliko mkopo uliokwama wenye dhamana nzuri.

Mdhamini yuko katikati, na thamani yake inategemea kama yeye mwenyewe ana rekodi. Tena kumdhamini mtu kunaweza kuandikwa kwenye faili lako kama deni linaloweza kukuangukia. Nimeona mtu akipandishiwa riba kwa sababu ya mkopo wa shemeji yake aliousahau kabisa.

Je, riba inaweza kupanda bila kikomo kadiri kundi linavyokuwa baya? Hesabu kavu inasema ndiyo. Kundi la wakwamaji 30: anaokoa 12,000, zinabaki 98,000 kwa watu 70, kila mmoja 1,400. Riba asilimia 40. Lakini hapo hesabu inaanza kujitafuna. Mwenye uwezo wa kulipa akisikia 40 anaondoka, hasa kama ana pa kwenda. Anayebaki ni asiye na pa kwenda, na yule ambaye hajali sana kwa kuwa hapangi kulipa. Na hata mwenye nia njema aliyebaki, rejesho lenyewe sasa ni zito kiasi cha kumwangusha. Kundi la 30 linakuwa la 40. Rudia hesabu: zinahitajika 94,000 kutoka kwa watu 60, riba asilimia 57. Ipandishe hadi 57 na kundi linaharibika tena.

Mwaka 1981 wanauchumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss waliieleza hali hii kwa ukamilifu: kuna riba ambayo ukiivuka, mapato ya mkopeshaji yanashuka badala ya kupanda, kwa hiyo anaona heri akatae kuliko kupandisha. Ndiyo sababu kati ya watu wawili wanaoomba kiasi kilekile, mmoja anaweza kupewa asilimia 18 na mwingine asipewe chochote, hata akisema yuko tayari kulipa 30. Kwa afisa mwenye uzoefu, utayari huo wa haraka haumsaidii mwombaji. Ni alama nyingine ya hatari.

Hadi hapa nimeitetea hesabu. Sasa upande ambao wakopeshaji hawapendi usemwe.

Si pengo lote la riba linatokana na hatari. Mahali pengi afisa mikopo hupewa nafasi ya kucheza: mfumo unatoa asilimia 14, naye anaruhusiwa kuandika mpaka 16, na wakati mwingine marupurupu yake yanategemea alichoandika. Anayekuja na ofa ya mshindani mkononi anaandikiwa 14. Anayekuja kwa unyenyekevu, akishukuru hata kabla hajaambiwa riba, anaandikiwa 16. Wakopeshaji wakubwa zaidi hufanya hivyohivyo kwa mashine: wanajua ni wateja wa aina gani hukubali ofa ya kwanza bila kuuliza kwingine, na hao hawapewi bei ya chini. Hatari yao ni ileile. Wanatozwa kwa sababu hawatazami pembeni. Mimi naiona tabia hii kuwa mbaya kuliko riba kubwa ya kundi baya, kwa sababu ya kundi ina shimo inaloziba, na hii haina.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Riba iliyotokana na hatari haishuki kwa maneno. Inashuka ukibadilisha kitu: ukileta dhamana, ukikubali makato, ukipunguza muda, ukirekebisha rekodi. Kama ulimwambia afisa "ngoja nikaulize kwingine" na kesho yake akakupigia na asilimia mbili pungufu, basi zile mbili hazikuwahi kuwa za hatari. Muulize pia moja kwa moja kama riba imetolewa na mfumo au imeidhinishwa na mtu. Swali hilo hujibiwa kwa urahisi pale mfumo ulipotoa, na kwa kigugumizi pale mtu alipoongeza.

Kabla ya hayo yote, hakikisha mnalinganisha namba za aina moja. Mwenzako anaweza kuwa ametajiwa riba inayopigwa kwenye salio linalopungua, na wewe inayopigwa kwenye kiasi chote cha mwanzo mpaka mwisho. Mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi ukitajiwa asilimia 10 ya aina ya pili, ukiugeuza kwenye salio linalopungua ni asilimia 18 hivi. Waombaji wawili wa namna hiyo wanaweza kubishana siku nzima kuhusu upendeleo, na kumbe anayedhani kapata nafuu ndiye aliyebebeshwa. Uliza jumla utakayorudisha pamoja na ada zote, na kwa miezi mingapi. Namba hiyo haina pa kujificha.

Ukishajua kuwa pengo ni la kweli, omba taarifa yako ya mikopo kwenye taasisi inayotunza kumbukumbu hizo. Nchi nyingi zinakupa haki ya kuiona. Isome mstari kwa mstari ukitafuta mambo matatu ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo makosa ya kawaida: mkopo uliomaliza ambao bado unaonekana haujafungwa, deni la mtu mwenye jina linalofanana na lako, na mkopo wa mtu mwingine uliowahi kuudhamini. Lolote kati ya hayo linatosha kukunyima alama zile chache za kuvuka daraja. Lirekebishe kwa maandishi, subiri taarifa mpya ipelekwe, ambayo kwa kawaida ni mzunguko wa mwezi mmoja au miwili, kisha rudi uombe upya.

Yule kijana alifanya jambo dogo zaidi. Alimuuliza afisa ni kitu gani kingemsogeza daraja moja juu siku ileile, akaambiwa akubali makato ya mshahara na apunguze muda wa mkopo. Akakubali la kwanza, la pili akalikataa kwa kuwa rejesho lingemkaba. Riba ilishuka, ingawa haikuifikia ya yule mama.